Mahakama ipi uandike kwenye kandarasi ya maua?

Shamba liko Naivasha, kaunti ya Nakuru. Mnunuzi wa waridi ni kampuni ya London, lakini pesa zake nyingi ziko kwenye benki mjini Rotterdam, Uholanzi. Kandarasi imefika ukurasa wa mwisho na sasa linakuja swali: mkikosana, kesi itasikizwa wapi? Wauzaji wengi hujibu "Nakuru" papo hapo kwa sababu ni karibu. Kabla hujajibu, jiulize kwanza: siku utakaposhinda, mali ya kushikwa itakuwa wapi?

Kuna Mkataba wa Hague wa 2005 kuhusu makubaliano ya kuchagua mahakama, ulioanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2015. Mkichagua mahakama ya nchi mwanachama, hukumu yake hutambuliwa na kutekelezwa katika nchi nyingine wanachama bila kesi kuanzishwa upya. Umoja wa Ulaya umo, Uingereza imo, Singapore na Mexico pia. Kenya haimo. Kwa hiyo hukumu ya Nakuru haibebwi na Mkataba huu hadi Rotterdam, hata kama kifungu chenu kimeandikwa vizuri namna gani. Lakini mkiandika mahakama za Uingereza, hukumu yake inabebwa, hata kama aliyeshtaki ni Mkenya. Kinachoangaliwa ni nchi ya mahakama iliyochaguliwa. Mdai ametoka wapi si hoja.

Kifungu chenyewe ni sentensi moja: "Mgogoro wowote utokanao na kandarasi hii, au unaohusiana nayo, utaamuliwa na mahakama za Uingereza na Wales peke yake." Mkataba huchukulia kwamba chaguo kama hili ni la pekee isipokuwa wahusika wamesema wazi vinginevyo. Hata hivyo maneno "peke yake" yaandikeni, maana hakimu wa Kenya hafungwi na dhana hiyo, na kesi inaweza kufunguliwa hapa.

Kifungu huharibika pale mnapotaja "Uingereza au Uholanzi". Mkataba unataka mahakama za nchi moja, na hapo mmetaja mbili. Kosa la pili limejificha zaidi: muuzaji anafungwa kushtaki London tu, ila mnunuzi ameachiwa ashtaki popote. Kifungu cha upande mmoja namna hiyo hakihesabiwi kuwa cha pekee chini ya Mkataba. Njia ya kukitambua ni kukisoma mara mbili, mara ya kwanza wewe ndiye mdai, mara ya pili yeye. Kama majibu yanatofautiana, kirudishe kirekebishwe. Na usidhani kwamba kuandika "sheria ya Kenya itatumika" ni kuchagua mahakama. Sheria ni jambo moja, mahakama ni lingine, na kila moja linahitaji sentensi yake.

Tuseme sasa mnunuzi amekwama na pauni 60,000. Kufungua dai la kiasi hicho Uingereza kunagharimu ada ya asilimia 5, yaani pauni 3,000, kabla ya kumlipa wakili. Jiandae pia kwa hili: mshtakiwa anaweza kuomba uweke dhamana ya gharama, kwa sababu unaishi nje na nchi yako haimo kwenye Mkataba. Ombi hilo likikubaliwa, pesa zako zinakaa kortini huku kesi ikiendelea. Hesabu gharama hizi kabla ya kutia saini.

Ukishinda, Rotterdam utaenda na nakala kamili ya hukumu iliyothibitishwa, nakala iliyothibitishwa ya makubaliano ya kuchagua mahakama au ushahidi mwingine kwamba yalikuwepo, na hati inayoonyesha kwamba hukumu inaweza kutekelezwa Uingereza. Tafsiri nayo itahitajika pale lugha zinapotofautiana. Kama mnunuzi hakufika kortini, ongeza uthibitisho kwamba aliarifiwa mapema vya kutosha kujitetea. Ukosefu wa karatasi hiyo ya mwisho ni sababu ambayo mahakama ya Uholanzi inaweza kuishika kuikataa hukumu. Isipokuwa kwa sababu chache kama hiyo, haitachunguza upya kama maua yalikuwa mabovu au mazuri.

Makubaliano si lazima yawe kwenye karatasi yenye mihuri. Barua pepe inatosha mradi inaweza kufunguliwa tena baadaye. Penye hatari ni kifungu kilichochapishwa nyuma ya ankara inayotumwa baada ya maboksi kupakiwa ndege: mnunuzi atasema hakukikubali kamwe. Kiweke kwenye uthibitisho wa oda, mwombe ajibu "nimekubali", na uhifadhi jibu hilo.

Kuna mengine ambayo Mkataba hauyagusi kabisa. Usafirishaji wa mizigo ni mojawapo: maua yakinyauka kwa sababu ndege ilichelewa, dai lako dhidi ya msafirishaji haliko humu. Kandarasi za ajira na za watumiaji wa kawaida pia zimeachwa nje. Uanachama nao hubadilika, hivyo kabla ya kuandika jina la nchi yoyote, fungua hcch.net, tovuti ya shirika lenye Mkataba huu, na usome tarehe Mkataba ulipoanza kutumika huko. Makubaliano yaliyofanywa kabla ya tarehe hiyo katika nchi ya mahakama mliyochagua hayaingii.