Kuondoa vichwa vya mistari miwili kwenye Excel

"Faili la mauzo: mstari wa 1 una Kariakoo, Mbagala na Tegeta, kila moja imeunganishwa juu ya Januari na Februari. Pivot inakataa. Nipateje kichwa kimoja?"

Dada, kaka mmoja hapa amekushauri ubofye Unmerge Cells; yuko sahihi nusu. Ukitenganisha, jina Kariakoo linabaki juu ya Januari tu. Juu ya Februari panakuwa patupu. Acha kwanza zilivyo. Ongeza mstari mtupu chini ya mstari wa 2, kisha kwenye B3 andika:

```
=LOOKUP(2,1/($B$1:B1<>""),$B$1:B1)&"_"&B2
```

Vuta kulia hadi safu ya mwisho. Fomula inachukua jina la karibu zaidi upande wa kushoto, kwa hiyo C3 itasoma Kariakoo_Februari. A3 andika Bidhaa kwa mkono.

Nakili mstari wa 3, ubandike hapohapo kwa Paste Special > Values, ndipo ufute mistari 1 na 2. Ukifuta kabla, utaona #REF! kila mahali.

Angalia sana safu ya Jumla. Ikiwa juu yake hapana kitu, itaitwa Tegeta_Jumla, na mtu ataisoma kama mauzo ya Tegeta peke yake. Mimi ningeifuta kabisa.