Ukijani wa nywele ni shaba, klorini inasingiziwa

SWALI: Mtaalamu, nywele zangu ni za asili, nimezikata fupi na kuzipiga blichi hadi zikawa rangi ya dhahabu. Tangu Januari nampeleka mwanangu kujifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja hapa Diani, na mimi huingia naye mara 3 kwa wiki. Sasa ncha zimekuwa kijani. Mhudumu wa bwawa anasema klorini imezidi, ataipunguza. Msusi wangu anasema niende azipige blichi tena, ukijani utaisha. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada, usimsikilize yeyote kati yao. Blichi usipige, na mhudumu mwambie klorini asiiguse kabla hajapima shaba iliyomo majini.

Kila mwaka napimishwa maji ya mabwawa ya pwani, na kila mwaka naisikia hukumu hiyo hiyo: klorini imezidi. Klorini peke yake haipaki nywele kijani. Itazikausha, itazifanya ngumu kama makumbi, itazipausha, lakini ukijani haina. Ukijani ni wa shaba, kama ule unaouona kwenye bomba la shaba lililokaa nje karibu na bahari. Mwaka 2011, katika mji mdogo wa Anderslöv, kusini mwa Sweden, watu wenye nywele za dhahabu walianza kuwa kijani wakiwa majumbani mwao, bila bwawa lolote. Nyumba zao zilikuwa mpya, na mabomba ya shaba yalikuwa bado hayajajijengea utando wa ndani. Maji ya moto yakilala humo usiku kucha, yalichota shaba, na asubuhi watu waliyaogea.

Klorini ina kosa lake, ila ni la kufungua mlango. Inakwaruza magamba yanayofunika unywele na kuichokoza salfa iliyo ndani ya keratini, protini inayojenga unywele, na pale ilipochokozwa pana chaji hasi. Shaba iliyoyeyuka majini ina chaji chanya, kwa hiyo inanasa hapo hapo. Blichi ya saluni hufanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu zaidi, ndiyo maana ncha zako, ambazo ndizo kongwe na zilizopigwa blichi nyingi, zimetangulia. Nywele nyeusi nazo hunywa shaba, ila weusi unaificha. Mwenye mvi, mwenye ualbino na hata mwenye wigi la dhahabu la nywele za binadamu wataona kijani kama wewe.

Sasa blichi ya msusi. Dawa hiyo huchanganywa na peroksaidi, na shaba ikikutana na peroksaidi huivunja kwa kasi, joto linapanda, na vipande vikali vinavyozaliwa humo vinaula unywele kutoka ndani. Nimeletewa nywele zilizokatika zikiwa bado zimefungwa karatasi ya saluni. Msusi makini hupima kwanza: anakata kishungi kidogo mahali pasipoonekana, anakitia kwenye peroksaidi ya asilimia 6 yenye matone machache ya amonia, anasubiri nusu saa. Kikitoa mapovu, kikipata joto au kikitoa harufu mbaya, kuna madini, na hakuna rangi wala blichi itakayopakwa siku hiyo. Asiyejua kipimo hicho asiguse kichwa kilichotoka bwawani.

Wale wanaopaka sosi ya nyanya nao waache. Wekundu wa nyanya unauficha ukijani kwa sababu rangi hizo mbili huzimana, na ile asidi kidogo iliyomo haifiki mbali. Shaba inabaki, ikingoja peroksaidi ya msusi ajaye.

Unachohitaji ni shampuu ya kuondoa madini, ile iliyotengenezewa waogeleaji. Ndani yake kuna kemikali kama EDTA inayoikumbatia shaba na kutoka nayo. Usidanganyike na kuona tu neno EDTA mwishoni mwa orodha ya viambato. Shampuu nyingi za kawaida huwa nayo chembe tu, ya kuzifanya zisiharibike. Osha, acha povu likae dakika 5 au kama chupa inavyosema, suuza, kisha paka kondishena nzito maana nywele zitakuwa kavu. Rudia baada ya siku kadhaa. Mara nyingi ukijani huisha kwa kuosha mara 3 au 4. Ukigoma, punguza ncha. Nywele zako fupi, hutapoteza kitu.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuondoa. Kabla ya kuingia bwawani, lowesha nywele kwa maji safi ya bombani hadi zishibe, kisha zipake kondishena au mafuta ya nazi. Unywele ulioshiba hauna nafasi ya kunywa maji ya bwawa, na mafuta yanaongeza kizuizi. Juu yake vaa kofia ya kuogelea, ingawa kofia huvuja na haitoshi peke yake. Ukitoka, suuza papo hapo, usikauke juani kwanza.

Lakini nywele zako ni kengele tu. Swali la kumuuliza mhudumu ni hili: mmeweka mrututu? Mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba inayotumika pia kwenye dawa za ukungu wa mimea, ndio njia ya mkato ninayoikuta mabwawani kuliko zote. Unaua mwani, maji yanang'aa buluu, wageni wanasifu. Hauui vijidudu vya kuhara kwa kasi inayohitajika watoto wakiwa majini; hiyo ni kazi ya klorini, miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Mhudumu anayepunguza klorini na kuongeza mrututu ili "maji yasiharibu nywele" amezidisha sababu ya ukijani na kuondoa kinga ya mwanao kwa mkono mmoja.

Chukua bwawa la urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na kina cha mita 1.5. Hizo ni lita 60,000. Akimwaga nusu kilo ya mrututu, robo yake ni shaba, takriban gramu 127, ambayo ni miligramu 2 na kitu kwa kila lita. Mimi sitaki kuona zaidi ya 0.3. Na shaba haipeperuki kama klorini. Akirudia mwezi ujao, inajilimbikiza, na wewe utaona ubuluu wa kijani kwenye saruji nyeupe kati ya vigae.

Kama hawajaweka mrututu, waangalie pH, yaani kipimo cha asidi ya maji. Vidonge vya klorini vinavyoyeyuka polepole vina asidi, na pH ikishuka chini ya 7.2 maji huanza kula shaba ya mabomba na ya mtambo wa kupasha joto. Iwe kati ya 7.2 na 7.6.

Shaba iliyokwisha kuingia hutolewa kwa kubadilisha maji. Kwa bwawa la mfano wetu, kumwaga nusu na kujaza maji mapya mara moja kunaiacha kwenye 1 hivi, mara ya pili 0.5, mara ya tatu ndipo inashuka chini ya 0.3. Ni gharama, na ndiyo maana hoteli nyingi zitakwambia ni klorini. Omba kuona kipimo cha shaba cha wiki hii. Wasipokuwa nacho, mpeleke mtoto bwawa jingine hadi wapime.