"Bei ndogo, matokeo makubwa": naombeni ushauri kabla sijachapisha

*"Wakuu, naanza kuuza mafuta ya nywele. Jamaa wa matangazo kanipa kauli 'Bei ndogo, matokeo makubwa'. Inafaa? Na lebo iwe rangi gani, chupa ya plastiki au kioo?"*

Mkuu, usichapishe! Mimi nilibandika "Bei ndogo, usafi mkubwa" kwenye madumu ya sabuni ya maji, na stika zilizobaki mwanangu anajalidia madaftari. Shuleni wanadhani tuna kiwanda.

Aliyenipa ni mmoja wa hawa wanaojiita wataalamu wa chapa. Kazi yake yote ilikuwa kuchukua neno dogo, kulitafutia kubwa, kisha kudai hela. Hata hakuuliza sabuni inatengenezwaje. Dukani mama ntilie mmoja akasoma, akatikisa dumu, akasema, "Bei ndogo kwa sababu mmeongeza maji, eti?" Sikuwa na jibu, maana kauli haikusema unafuu unatoka wapi. Usipomwambia mteja, anajaza mwenyewe, na anachojaza ni uchakachuaji. Nikakimbilia kuongeza chumvi ili sabuni iwe nzito, ionekane ya maana. Chumvi ikizidi sabuni inarudi kuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, na hata ikiwa nzito haing'arishi zaidi. Halafu malighafi zikapanda, nami nikapandisha bei. Dumu la bei mpya, stika inasema bei ndogo! Wateja walicheka kuliko mimi.

Sasa angalia "haba na haba hujaza kibaba". Kuna kidogo, kuna kingi, lakini katikati kuna *hujaza*. Unaiona njia. "Bandu bandu huisha gogo" vilevile, shoka linafanya kazi mbele ya macho yako. "Bei ndogo, matokeo makubwa" katikati ina mkato tu. Bei haioshi chombo wala haikuzi nywele. Na hayo "matokeo makubwa" Watanzania tumeyasikia tangu 2013 serikali ilipokuja na Matokeo Makubwa Sasa, kwa hiyo masikio yameshaota sugu.

Kilichoniokoa ni "Kifuniko kimoja, beseni zima". Udogo uko kwenye kipimo, si kwenye bei, hivyo bei ikipanda kauli haifi. Asiyeamini namiminia kifuniko kwenye beseni la sahani zenye mafuta pale pale kaunta, anaosha mwenyewe. Kabla ya kuchapisha nilijaribu kwa maji ya kisima pia. Ya chumvi yanakula povu, ikabidi nipunguze sahani ninazoahidi.

Kwako: pima matone mangapi yanatosha kichwa kizima, nywele fupi na ndefu, uone kichupa kinafika wiki ngapi. Kikifika mwezi, andika "Matone machache, mwezi mzima". Kisipofika, achana na kauli za kidogo na kikubwa, taja mafuta yaliyomo na bei. Na yule jamaa akikuambia kauli "ina mdundo", mwambie akacheze ngoma.