Usitaje njia yoyote kabla hujamuuliza mteja anaona nini machoni

*Wakuu, wiki ijayo nina oski, mtihani wetu wa vitendo wa kupita kituo hadi kituo, ya uzazi wa mpango hapa Moshi, kituo cha dakika 10. Nimeshakariri jedwali lote la ufanisi, kwa hiyo nimepanga kuanza kwa kumpa mteja namba za kila njia, kisha achague mwenyewe. Naombeni pia mbinu ya kukumbuka vizuizi, namna ya kuonyesha kondomu, na maelezo ya vidonge vya dharura.*

Usithubutu kuanza na jedwali. Mimi nilianza nalo, nikalitaja lote bila kukwama, na kituo hicho kimoja ndicho kilichonirudisha kwenye marudio ilhali vituo vingine vyote nilikuwa nimevivuka. Nimesoma mpango wako mara mbili nikidhani nasoma daftari langu la mwaka ule.

Mteja aliyeketi mbele yangu, mama aliyefundishwa kuigiza, alijitambulisha kuwa ana miaka 36, anauza mitumba katika soko la Memorial, na ana watoto watatu, wa mwisho akiwa wa miezi 4 na bado ananyonya. Alisema anataka vidonge vya majira, kwa sababu aliwahi kuvitumia zamani na vilimkubali. Nilimwamkia, nikamhakikishia usiri, kisha nikamuuliza swali ambalo hadi leo likinijia usiku nageukia ukutani: "Mama, una tatizo lolote la kiafya?" Akajibu, "Sina, namshukuru Mungu." Nikaridhika. Nikafungua jedwali langu kichwani na kuanza kumwaga namba kuanzia kipandikizi hadi kuhesabu siku, yeye akitikisa kichwa kwa adabu kama mtu anayesikiliza tangazo la mkutano wa kijiji kingine. Nilipomaliza alirudia kwamba anataka vidonge, nami nikamwandikia vidonge vyenye vichocheo viwili, yaani estrojeni na projestini, nikamweleza namna ya kuvimeza, nikatabasamu.

Mtahini, ambaye alikuwa kimya muda wote, aliniuliza swali moja tu: "Shinikizo la damu la mteja wako ni kiasi gani?" Mashine ya kupimia ilikuwa mezani tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nimeiegemeza juu ya karatasi zangu ili zisipeperuke, na kwa kujitetea naomba niseme kwamba feni ya chumba kile ilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Laiti ningetamka kwamba nataka kumpima, ningekabidhiwa kadi iliyoandikwa 144/92.

Hiyo ilikuwa moja. Ya pili ni kwamba mama huyo alikuwa ananyonyesha mtoto ambaye hajafikisha miezi 6. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyonimaliza, ni kwamba alikuwa na kipandauso chenye dalili za kutangulia, na mwigizaji alikuwa ameagizwa asiiseme mpaka aulizwe moja kwa moja. Hakunidanganya. Muulize mwanamke yeyote wa sokoni kama ana tatizo la kiafya, naye atakwambia hana, kwa sababu kichwa kinachomuuma mara mbili kwa mwezi na kutulizwa kwa vidonge vya dukani yeye hakihesabu kuwa ugonjwa. Swali la jumla huzaa jibu la jumla.

Sasa tazama uzito wa mambo hayo matatu kwa madaraja ya Shirika la Afya Duniani, ambayo huanzia la 1, lisilo na kizuizi, hadi la 4, ambalo njia haitolewi kabisa. Kwa vidonge vya vichocheo viwili, kunyonyesha mtoto wa kati ya wiki 6 na miezi 6 ni daraja la 3, na shinikizo la 140 hadi 159 kwa 90 hadi 99 nalo ni la 3, maana yake hatari kwa kawaida huzidi faida. Kipandauso chenye dalili za kutangulia ni daraja la 4, awe na miaka 18 au 40. Sababu ni estrojeni: huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa, na mwanamke mwenye kipandauso cha aina hiyo tayari yuko karibu zaidi na kiharusi kuliko wenzake, kwa hiyo unapompa estrojeni unajumlisha hatari mbili juu ya ubongo mmoja. Mimi nilimpa, tena kwa tabasamu.

Namna ya kuuliza ndiyo inayobeba kituo kizima, kwa hiyo naomba uisome polepole. Usiulize kama ana kipandauso, maana watu wengi wakiumwa kichwa kwa nguvu hukiita hivyo. Uliza kwanza kama huumwa kichwa, kisha uliza: "Kabla kichwa hakijaanza kuuma, kuna kitu chochote unachokiona machoni?" Katika mazoezi ya kujipima na wenzangu, mmoja aliyeigiza alijibu kwamba huona mistari ya msumenosumeno inayometa kama bati jipya lililopigwa na jua, inatanda upande mmoja, inadumu kama nusu saa, kisha inatoweka na kichwa kinaanza. Hiyo ndiyo yenyewe: huja kabla ya maumivu, huenea taratibu, na hudumu kati ya dakika 5 na 60. Wengine hupata ganzi ya upande mmoja inayopanda kutoka vidoleni, au maneno hukwama mdomoni. Lakini mtu anayechukia mwanga wakati kichwa tayari kinauma, au anayeona ukungu kwa ujumla kwa sababu ya maumivu, hana dalili za kutangulia, na ukimhesabu kuwa nazo utamnyima njia bila sababu.

Nani alinipeleka kwenye jedwali? Kaka mmoja wa mwaka wa juu yetu, aliyekuwa akiuza kijitabu cha fotokopi kwa bei ya sahani mbili za chipsi mayai, akiapa kwamba "mtahini anataka namba, vizuizi ni mapambo." Ukurasa wa vizuizi katika kijitabu hicho ulikuwa umetoka mweusi kwenye mashine, na nilipomlalamikia alinijibu kuwa hauna umuhimu. Sina kinyongo naye, ila nikikutana naye njiani nitaomba anirudishie fedha, na nauli, na mwezi mzima wa likizo nilioutumia kujiandaa kwa marudio wakati wenzangu wakila ndizi za nyumbani.

Kanuni yangu ni moja: hakuna jina la njia linalotoka mdomoni mwako kabla hujauliza na kupima. Ukishaketi, uliza umri na mtoto wa mwisho na kama ananyonya. Uliza kichwa na macho kama nilivyoeleza. Uliza kama mguu mmoja uliwahi kuvimba na kuuma, au kama aliwahi kuambiwa kwamba damu imeganda. Uliza sigara, kwa sababu mvutaji aliyefikisha miaka 35 hapewi estrojeni. Uliza dawa anazomeza sasa, na usiishie kwenye "dawa" tu; taja dawa za kifua kikuu na za kifafa kwa majina yake ya kawaida, maana rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya vidonge vya majira, ilhali sindano ya miezi mitatu hubaki salama na yenye nguvu. Kisha sema kwa sauti kwamba sasa unampima shinikizo la damu. Kwa mwendo wa kawaida yote hayo huchukua dakika tatu, na dakika saba zinazobaki zinatosha.

Baada ya hapo ndipo uchaguzi unakuwa mwepesi kiasi cha kuona aibu. Kwa mama wa Memorial, mara tu estrojeni inapotoka mezani, mambo mengi yanabaki. Kitanzi cha shaba hakina kichocheo chochote, kwa hiyo shinikizo, kichwa na unyonyeshaji havikigusi. Kipandikizi kina projestini peke yake, hakizuiliwi na shinikizo la 144/92 wala na mtoto wa miezi 4, na kwa kipandauso chake kinaweza kuanzishwa kwa kumwelekeza arudi endapo dalili za macho zitazidi. Sindano nayo inawezekana kwa shinikizo hilo, ila lingefika 160/100 ingekuwa daraja la 3, jambo ambalo wengi husahau kwa kudhani kuwa projestini zote ni sawa. Muulize pia kama anataka mtoto mwingine karibuni, kwa sababu baada ya sindano uzazi hukawia kurudi kwa miezi kadhaa. Na kwa kuwa mtoto wake alikuwa ameshaanza kupewa uji, asingeweza kutegemea kunyonyesha kama kinga; ulitakiwa kumpitisha kwenye maswali 6 ya kuhakikisha hana ujauzito, na akichagua kipandikizi umweleze atumie kondomu kwa siku 7 za mwanzo.

Usimwambie kwamba ana ugonjwa wa shinikizo kwa kipimo kimoja. Mwambie utarudia kumpima siku nyingine, na kwamba kwa leo hiyo ni sababu ya kutosha ya kutumia njia isiyo na estrojeni.

Namba zako za ufanisi hazitapotea. Ukishabakiwa na njia mbili au tatu, taja za hizo tu, na uziseme kwa watu badala ya asilimia: kati ya wanawake 100 wanaotumia kipandikizi kwa mwaka, hafiki hata mmoja anayepata mimba, kwa kitanzi cha shaba vivyo hivyo, kwa sindano, jinsi watu wanavyoitumia hasa, ni kama 4. Vidonge vya majira kijitabu kilisema "asilimia 99", jambo ambalo ni kweli kwa anayemeza kila siku bila kukosa. Kwa matumizi ya kawaida ya watu wanaopata mimba ni kama 7 kati ya 100, na mtu anayeondoka nyumbani alfajiri kuwahi mzigo wa mitumba ni wa hesabu hiyo ya pili.

Kwenye marudio nilipewa binti wa miaka 24, mwenye kichwa kinachouma kila mwezi, anayetaka vidonge. Nilikuwa nimeungua, kwa hiyo mkono wangu ulikuwa tayari umeshamnyima. Nikajilazimisha kuuliza macho. Hakuna mistari, hakuna ganzi, mwanga humkera wakati kichwa kinauma basi. Havuti sigara, hanyonyeshi, hamezi dawa yoyote, kadi ya shinikizo ikasema 112/70. Kipandauso kisicho na dalili za kutangulia, chini ya miaka 35, ni daraja la 2 kwa kuanza vidonge. Nikampa, nikamwambia arudi mara moja endapo macho yataanza kumletea mambo mapya kabla ya kichwa. Mtahini aliandika kwa muda mrefu, akainua kichwa, akaniambia kwamba ningepaswa kuomba mashine ya kupimia mapema kidogo.