Ningependa kukubali, au ninakubali?

*Swali: Nimepata kazi ya ukarani wa stoo hapa Kisumu. Kwenye barua ya kukubali niandike "ningependa kukubali" au "ninakubali"? Na kuna haja gani ya kutaja tena mshahara na tarehe ilhali wao ndio walioniandikia?*

Andika "ninakubali". Kiambishi -nge- hubeba jambo ambalo bado linategemea jingine, kwa hiyo anayesoma "ningependa kukubali" ana haki ya kungoja neno la mwisho. Ni adabu nzuri unapoomba kazi. Ukishapewa, mwajiri anataka kujua kama nafasi imejazwa.

Mshahara na tarehe vitaje, kwa sababu kwa kuvirudia unaonyesha ulivyoielewa barua yao. Tuseme waliandika shilingi 38,000 kwa mwezi. Ukijibu "nimekubali mshahara wa 38,000", huenda wewe unawaza pesa za mkononi, nao wanawaza kiasi ambacho hakijakatwa kodi, NSSF, bima ya afya na ada ya nyumba. Maneno matatu, "kabla ya makato", yanaondoa utata huo. Kama barua yao haikufafanua, piga simu uulize kwanza, ndipo uandike:

"Ninakubali kazi ya karani wa stoo kama ilivyoelezwa katika barua yenu ya tarehe 9 Februari 2026, kwa mshahara wa shilingi 38,000 kwa mwezi kabla ya makato. Nitaripoti kazini Jumatatu, tarehe 2 Machi 2026, saa mbili asubuhi. Nimesoma na kukubali masharti yaliyomo, ukiwemo muda wa majaribio wa miezi mitatu."

Siku iandikwe pamoja na tarehe. Moja ikikosewa, nyingine itaonyesha kosa, jambo ambalo "mwanzoni mwa mwezi ujao" haliwezi kufanya. Kuhusu majaribio, Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka kikomo cha miezi sita, na kuongezwa kunahitaji ridhaa yako. Kwa hiyo taja idadi ya miezi.

Jihadhari na "lakini" na "mradi". Ukiandika "ninakubali mradi mshahara uwe 42,000", hujakubali. Umetoa pendekezo jipya, na mwajiri yuko huru kulikataa na kumwita mwingine. Nyongeza ijadiliwe kabla ya barua hii.

Shukrani zije mwishoni, sentensi moja au mbili. Hapa ndipo wengi huteleza kwenye upatanisho, wakaandika "jopo walionihoji". Jopo ni la ngeli ya LI-YA, kwa hiyo ni "jopo lililonihoji". Ukitaka kuwalenga watu wenyewe, sema "wanajopo walionihoji". Mimi napenda shukrani inayotaja jambo lililotendeka kweli: "Nalishukuru jopo lililonihoji kwa kunieleza kwa kina jinsi hesabu ya bidhaa inavyofanywa katika stoo yenu."