Kreatini ni halali, lakini kopo lako limetoka wapi?

Kila msimu wa raga ya wachezaji saba unapokaribia, vijana ninaowanoa hapa Nairobi huniuliza swali lile lile: "Kocha, kreatini inaruhusiwa?" Inaruhusiwa. Orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, hufanyiwa marekebisho kila mwaka na kuanza kutumika tarehe 1 Januari, na kreatini haijawahi kuwamo. Ni kirutubisho cha kuipa misuli nguvu: mwili huitengeneza wenyewe, na nyingine tunaipata katika nyama na samaki. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Anayetaka misuli ijae haraka hunywa gramu 20 kwa siku, akizigawa mara nne, kwa siku 5 hadi 7, kisha anarudi kwenye kipimo cha kawaida. Uzito utapanda kidogo, mara nyingi kilo moja au mbili, kwa sababu misuli huvuta maji. Kwa mchezaji wa mbele au mnyanyua vyuma hilo si tatizo. Mkimbiaji wa marathoni afikirie mara mbili, maana kilo hiyo ataibeba kilomita 42.

Kwa upande wa sheria, kreatini yenyewe haina neno. Ninachowaomba wachezaji wangu wanieleze ni jambo jingine kabisa: unga ule umetengenezwa wapi, kwa mashine zipi, na umepita mikononi mwa nani hadi kufika kwenye begi lako la mazoezi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, maduka ya Marekani yaliuza prohomoni waziwazi. Hizi ni kemikali ambazo mwili huzigeuza kuwa homoni kama testosteroni au nandroloni. Viwanda vilivyozisaga na kuzipakia ndivyo vilivyopakia pia vitamini, protini na kreatini. Mashine ikitumika asubuhi kwa prohomoni na mchana kwa kreatini bila kusafishwa barabara, vumbi la asubuhi linaingia kwenye kopo la mchana. Watafiti wa maabara ya Cologne, Ujerumani, walikusanya bidhaa 634 kutoka nchi 13 kati ya mwaka 2000 na 2001, zote zikiwa bidhaa ambazo lebo zake hazikutaja homoni yoyote. Bidhaa 94, yaani karibu 15 kwa kila 100, zilikutwa na prohomoni. Mnunuzi asingeweza kujua hata angesoma lebo kwa darubini.

Prohomoni zile baadaye ziliharamishwa Marekani, lakini shida haikwisha. Ilibadilisha sura. Siku hizi kinachokutwa ni vitu kama ostarini, ambayo hujenga misuli kama steroidi, pamoja na vichangamshi vinavyotiwa kwa makusudi ili mteja asikie bidhaa "inafanya kazi" na arudi kununua tena.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu wachezaji wengi hudhani uchafu kidogo hauwezi kuonekana. Watafiti wa Uingereza waliwahi kuwapa watu wa kujitolea gramu 5 za kreatini, kipimo cha siku moja, wakiwa wamechanganya humo chembe za prohomoni ya nandroloni. Kikomo cha maabara wakati huo kilikuwa nanogramu 2 za mabaki yake katika kila mililita ya mkojo. Kwa mikrogramu 2.5 tu, baadhi yao walikwisha kuvuka kikomo. Chembe moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa mikrogramu 60 hivi. Maana yake, igawe chembe hiyo vipande zaidi ya ishirini, kisha utie kipande kimoja kwenye kijiko chako cha kreatini. Hicho kinatosha kukuangusha. Kwa uwiano, ni sehemu moja ya uchafu katika sehemu milioni mbili za unga. Kiasi hicho hakikuongezei nguvu hata kidogo, wala huwezi kukionja au kukiona.

Sheria nayo haikuulizi kama kilikusaidia. Kanuni ya Dunia ya Kupambana na Dawa Haramu Michezoni inamwajibisha mchezaji kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Kwa steroidi, adhabu ya kufungiwa huanzia miaka 4. Ukithibitisha kwamba hukukusudia, hushuka hadi 2. Kuna kipengele maalumu cha bidhaa iliyochafuliwa kinachoweza kuishusha zaidi, hata kufikia onyo tu, lakini ni lazima wewe uonyeshe kitu kile kilitoka kwenye bidhaa ipi, na kwamba uzembe wako haukuwa mkubwa. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kusema "labda ilikuwa kwenye saplimenti" hakutoshi.

Kisa ninachopenda kuwasimulia vijana ni cha Jessica Hardy, muogeleaji wa Marekani. Julai 2008, kwenye mchujo wa kuingia timu ya Olimpiki, alipimwa zaidi ya mara moja. Sampuli ya tarehe 4 ilikutwa na klenbuteroli kidogo, dawa iliyopigwa marufuku, ilhali nyingine za siku hizo zilikuwa safi. Alikwisha kufuzu kwenda Beijing, akalazimika kujitoa. Upande wake ulipeleka saplimenti alizokuwa akitumia maabara, na jopo la usuluhishi likakubali kwamba chanzo kilikuwa ni bidhaa iliyochafuliwa. Adhabu ikashuka kutoka miaka 2 ya wakati ule hadi mwaka 1. WADA ilikata rufaa kwenye mahakama ya michezo, na mwaka ule mmoja ukabaki. Alirudi na kupata medali London 2012.

Angalieni vizuri kilichomwokoa na kile ambacho hakikumwokoa. Kabla ya kutumia bidhaa zile alikuwa ameuliza watengenezaji na kuhakikishiwa kwamba ni salama. Hilo lilisaidia kuonyesha kwamba hakuwa mzembe sana, lakini halikumrudishia Olimpiki ya Beijing. Kilichopunguza adhabu ni kwamba bidhaa zilikuwapo za kupimwa na kulikuwa na pesa za kuzipima. Mchezaji wa ligi yetu ambaye kopo lake lilikwisha mwezi uliopita na kutupwa hana cha kupeleka maabara. Na upimaji wa aina hiyo hufanyika ng'ambo, kwa gharama inayomzidi mchezaji wetu wa kawaida.

Ndiyo maana nasema kazi yote ifanywe kabla ya kununua. Msimu uliopita kijana mmoja aliniletea mfuko wa plastiki wenye unga mweupe, uliofungwa kwa fundo. Alikuwa ameuziwa na rafiki wa jimu, aliyechota kutoka kwenye kopo kubwa na kumpimia kwa kijiko. Nilimuuliza nambari ya bachi, yaani ya kundi la makopo yaliyotengenezwa pamoja. Hakuwa nayo. Nilimuuliza kijiko kile kilichota nini kabla ya kreatini yake. Hakujua, na muuzaji alipopigiwa simu alisema kijiko ni kimoja, anakitumia kwa kila kitu, ikiwemo ile saplimenti ya kuchangamsha mwili kabla ya mazoezi. Huenda kreatini yenyewe ilikuwa safi kabisa ilipotoka kiwandani. Tuliimwaga sinki, na nikamwambia pesa aliyopoteza ni ndogo kuliko kesi.

Kwa anayeshindana, nunua kopo lililofungwa, lenye kizibo cha karatasi ambacho hakijaguswa. Orodha ya viambato iwe na kitu kimoja tu: Creatine Monohydrate. Michanganyiko yenye viambato ishirini, hasa inayoahidi nguvu za kabla ya mazoezi, iache dukani. Kadiri viambato vinavyozidi ndivyo vyanzo vya uchafu vinavyoongezeka, na baadhi ya hivyo viambato ni marufuku waziwazi ila vimeandikwa kwa jina la mmea. Higenamini, kwa mfano, imepigwa marufuku wakati wote, na hutoka kwenye mimea inayosikika kama dawa za kienyeji zisizo na madhara.

Kisha tafuta alama ya maabara huru. Informed Sport hupima kila bachi kabla haijauzwa. NSF Certified for Sport nayo inaaminika, na inatambuliwa na shirika la kupambana na dawa haramu la Marekani. Usiichanganye Informed Sport na ndugu yake Informed Choice, ambayo hupima sampuli zinazonunuliwa madukani mara kwa mara, si kila bachi. Na ukiona kopo limeandikwa kwamba "limeidhinishwa na WADA", lirudishe kwenye rafu. WADA haiidhinishi saplimenti ya mtu yeyote, kwa hiyo muuzaji huyo amekwisha kukudanganya kabla hujafungua.

Alama peke yake haitoshi, kwa sababu alama inaweza kuchapwa na yeyote. Geuza kopo, tafuta nambari ya bachi, mara nyingi iko chini karibu na tarehe ya kuisha muda, kisha uiingize kwenye tovuti ya sport.wetestyoutrust.com kama bidhaa ni ya Informed Sport. Bachi ikionekana, piga picha ya skrini na picha ya kopo zikiwa na tarehe. Isipoonekana, usilitumie, hata kama bachi nyingine za kampuni hiyo zimo. Hata hii haiondoi hatari yote, inaipunguza. Asiyetaka hatari yoyote asinywe, na hatapoteza mechi kwa sababu ya kreatini.

Ukiamua kuitumia, tumia kijiko chako mwenyewe na usimwazime mtu kopo. Vikibaki vijiko kama vinne hivi chini, funga kopo, liandike tarehe uliyoanza na uliyomaliza, liweke kabatini pamoja na risiti. Ikiwezekana, nunua makopo mawili ya bachi moja, uache moja bila kulifungua. Jopo likiona kopo lililofunguliwa tu, litauliza ni nani aliyetia kitu humo. Lile lililofungwa ndilo linalojibu swali hilo.

Na siku maafisa wa ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa haramu michezoni, watakapokuita kutoa sampuli, kuna sehemu kwenye fomu inayotaka uandike dawa na saplimenti ulizotumia katika siku 7 zilizopita. Wengi huiruka kwa haraka ya kwenda kuoga, au kwa woga kwamba kutaja kreatini kutawatia mashakani. Andika "kreatini", jina la kampuni na nambari ya bachi kama unayo kwenye simu. Ukija kudai miezi mitatu baadaye kwamba kopo ndilo lililokuponza, kitu cha kwanza watakachofungua ni fomu hiyo, kuangalia kama kopo hilo lilitajwa.