Mtoto wa nyumba mbili: anzeni na saa ya kuamka

"Mwanangu wa miaka minne akirudi kutoka kwa baba yake Jumapili usiku halali mpaka saa tano, na Jumatatu kumwamsha shule ni vita. Baba yake anasema kwake analala vizuri tu. Nifanyeje?"

Dada, baba yake huenda anasema kweli. Binti yangu naye anakaa kwangu siku za shule na kwa baba yake na bibi yake mwisho wa wiki, na kilichotusaidia ni kuacha kubishana kuhusu saa ya kulala. Usingizi haulazimishwi, lakini kumwamsha mtoto kunawezekana. Umri huo anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na za mchana. Akiamka saa tatu asubuhi, kisha mchana akalala tena mpaka saa kumi na moja jioni, saa mbili usiku atakuwa macho makavu, hata ukimbembeleza vipi.

Kwa hiyo mwombe mzazi mwenzio mambo machache tu: Jumapili aamshwe karibu na saa ya shule, asicheleweshwe zaidi ya muda wa saa moja, na mapazia yafunguliwe apate mwanga, usingizi wa mchana uishe saa tisa. Na arudishwe mapema alasiri. Akirudishwa jioni atasinzia garini, na hata nusu saa tu inaweza kuharibu usiku mzima.

Jambo jingine ni jinsi anavyopitiwa na usingizi. Wa kwangu kwa bibi yake alikuwa anasinzia sebuleni mbele ya TV, halafu anabebwa kitandani. Watoto wote huzinduka kidogo usiku, na aliyezoea kulala akiwa na mtu pembeni akizinduka peke yake huita. Akirudi kwangu alikuwa ananiita saa nane usiku. Tukakubaliana mpangilio mmoja: kuoga, kula, mswaki, hadithi moja, chandarua, taa kuzimwa, naye awekwe kitandani akiwa bado macho kidogo. Bibi ana hadithi zake na mimi nina zangu, haina shida. Kinachofanana ni mfuatano. Kuna kanga anayolala nayo, inasafiri kwenye begi lake, na haifuliwi siku ya kuhama kwa sababu harufu ndiyo anayoitafuta.

Siku ya kukabidhiana tunatumiana ujumbe mfupi: "Kaamka saa moja, mchana kalala saa saba hadi nane na nusu." Nikiona hakulala mchana kabisa, namlaza mapema usiku huo.

Usiku wa kwanza baada ya kuhama utabaki mgumu kidogo, wa pili hutulia. Mkishika haya wiki tatu nne na bado hatulii, au anakoroma kila usiku mdomo wazi katika nyumba zote mbili, mpeleke hospitali wamwangalie koo na tezi za nyuma ya pua.